Mada zako nne zimo kwenye meseji za wateja

Kwa karibu mwaka mzima stetasi yangu ya WhatsApp ilikuwa picha moja tu: pakiti ya dagaa juu ya kitambaa cheupe, bei pembeni, namba ya simu chini. Nikiichoka naweka "Jumatatu njema wapendwa". Nauza dagaa wa Ziwa Victoria peke yangu, hapa Kirumba, Mwanza. Nanunua soko la Mwaloni, nachambua, nafunga, napeleka stendi, halafu usiku nakaa na simu nikijiuliza kesho niposti nini. Swali hilo lilinichosha kuliko kuchambua debe zima.

Ushauri uliozagaa ni kwamba mtu achague mada nne, azizungushe. Huo naukubali. Nisichokubali ni zile mada zinazotajwa kila mahali: elimu, burudani, hamasa, mauzo. Hizo ni namna za kusema, hazikwambii useme kuhusu nini. Muuza viatu anazo, fundi cherehani anazo. Ikifika Alhamisi umeshika neno "hamasa" mkononi, bado hujui uandike nini, na utaishia kunakili msemo wa mtu mwingine wenye picha ya jua likizama.

Zangu nilizitoa kwenye meseji. Jumapili moja mchana nilikaa na daftari, nikarudi nyuma miezi miwili kwenye mazungumzo na wateja, nikaandika kila swali kama lilivyoulizwa. "Dada, hao hawana mchanga?" "Mbona wiki iliyopita bei ilikuwa chini?" "Nikiwapika wanakuwa wachungu, nakosea wapi?" "Niko Dodoma, wanafika lini?" "Kwenye basi hawatalalamikia harufu?" Yalifika hamsini na kitu. Nilipoyaweka yanayofanana pamoja, nikapata mafungu matano: usafi, jikoni, safari ya mzigo, afya, na ziwa lenyewe, yaani kwa nini leo dagaa wapo tele na wiki ijayo hawashikiki bei.

Kila fungu nikalipa mtihani wa nusu saa: niandike vichwa kumi vya posti, visivyofanana, bila kufungua mtandao. Usafi ulipita, jikoni ikapita, safari ikapita kwa taabu kidogo. Afya ilikwama kwenye kichwa cha tatu, na hivyo vitatu vyenyewe nilivisoma mahali. Tena kuna mama aliwahi kuniuliza kama mwanawe mwenye shida ya figo anaruhusiwa kula dagaa. Nilimwambia amuulize daktari wake, nikaona aibu, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimeposti kwa kujiamini kweli kuhusu madini ya chokaa. Afya nikaifuta. Mada ambayo swali la pili linakushinda si yako.

Zikabaki nne, na nne zinanitosha kwa sababu naweza kuposti mara nne kwa wiki, basi. Kila mada ina siku yake. Ningekuwa na sita, mbili zingesukumwa wiki hadi wiki mpaka zife. Anayeweza posti tatu tu achague tatu, asione haya.

Nifungue moja ili ionekane inavyotoa posti. Chukua lile swali la mchanga. Posti ya kwanza niliyoitoa hapo ilikuwa picha ya bakuli baada ya kuosha dagaa walioanikwa chini: mchanga umetulia kwenye kitako, kama kijiko kimoja hivi. Ya pili ilieleza kichanja, kwamba dagaa wakianikwa juu ya wavu ulioinuliwa hawagusi ardhi na hewa inapita chini yao, na ndiyo maana nawauza ghali zaidi. Ya tatu ilikuwa kosa langu: niliwahi kununua gunia lililokuwa safi juu na machanga matupu chini, kwa kuwa sikuingiza mkono mpaka ndani. Ya nne ilikuwa namna ya kuosha. Wengi wanamwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, na mchanga unawarudia. Watoe kwa mkono, mchanga uache kwenye bakuli. Ya tano nikauliza tu: kwenu mnatoa vichwa au mnaacha? Siku hiyo simu haikupumua.

Swali moja, wiki tano. Nilichofanya ni kuliuliza kwa njia tofauti: inaonekanaje, inasababishwa na nini, mimi nilikosea wapi, wewe ufanyeje, wenzetu mnafanyaje. Njia hizo tano ukizipitisha kwenye mada nne una posti ishirini kabla hujagusa swali la pili.

Ila ningeacha mada nyingine zote kabla ya kuacha ile ya ziwa, kwa sababu yenyewe inajijaza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawakuta hapo. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inakaa ufukweni siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwezi ziwa linaniletea habari nne bila kuziomba: giza limeanza, mzigo umejaa, mbalamwezi inakaribia, bei imepanda. Masika inaongeza yake. Dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka wanabadilika rangi na kuwa na uchungu, wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku. Lile swali la uchungu, mara nyingi mpishi hakukosea kitu.

Nadhani kila biashara ina mada ya namna hii, inayobadilishwa na kitu kilicho nje ya kichwa chako. Mshonaji ana misimu ya harusi na sare za shule. Muuza mbogamboga ana mvua. Kwenye zako nne, hakikisha moja ni ya hivyo. Hata safari ya mzigo, iliyopita mtihani kwa taabu, ilipata uhai mwaka 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa. Wateja wa Sengerema na Geita waliozoea kusikia "mzigo unasubiri kivuko" walitaka kujua saa mpya za kufika.

Mauzo sijayapa siku. Bei na namba ya simu vinakaa mkiani mwa kila posti, mstari mmoja. Nilipokuwa nimeyatengea Ijumaa, watu walizoea kuruka Ijumaa.

Kujua mada inakufa si kazi. Ukiona umeruka siku yake mara tatu mfululizo, imekufa. Ukiona inatazamwa sana lakini hakuna anayeuliza kitu, inaumwa, na kwangu jikoni ilifika huko nilipoweka mapishi mazuri yasiyohitaji dagaa wangu hasa. Nikarudi kwenye daftari. Siku hizi silisubiri hata daftari: mteja akiuliza jambo jipya, nabonyeza meseji yake kwa muda, naiwekea nyota, na Jumapili nafungua orodha ya nyota.

Kurudia nako kusikutishe. Stetasi inafutika baada ya saa 24, na anayeiona ni aliyehifadhi namba yako, nawe ukawa na yake. Posti ya bakuli la mchanga nimeirudisha mara tatu, kila mara na bakuli jipya, na ni mteja mmoja tu aliyesema "hii si ya zamani, dada?" Naye akaagiza kilo mbili.

Leo mwezi ni mkubwa, Mwaloni wamenipa nusu ya nilichotaka kwa bei ya gunia zima. Picha ya mizani nimeshapiga.