Mikoko elfu kumi, mingapi iko hai?

Kila ninapoombwa kuupitia wasifu wa mfanyakazi wa uhifadhi kabla haujaenda kwa mfadhili, nakutana na sentensi hii: "Nimepanda mikoko elfu kumi kwa kushirikiana na jamii." Naifuta. Kuchomeka mche kwenye tope ni kazi ya dakika moja. Mfadhili anataka kujua kama mwaka mmoja baadaye mche huo bado umesimama, na ni nani aliyeuhesabu.

Tuseme ulipanda miche 2,000 ya mkoko kwa nafasi ya mita moja. Chagua vipande vitano vya mita 10 kwa 10, kila kimoja na miche 100, uweke vigingi pembeni na uchukue majira ya GPS. Baada ya miezi 12, subiri maji ya bamvua yatoke, uhesabu iliyo hai. Tuseme umepata 310 kati ya 500. Andika asilimia 62, wala usiionee haya.

Kisha eleza iliyokufa. Labda kipande kimoja, kile cha upande wa bahari, kimebaki na miche 9 tu. Ukanda ule unaopigwa na mawimbi kwa kawaida ni wa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, na wewe ulipanda mkoko wenyewe. Maneno mawili matatu kuhusu kosa hilo, na wapi ulihamishia upandaji uliofuata, yananishawishi kuliko ukurasa mzima wa sifa. Anayejua kwa nini miche imekufa, huyo kweli alikanyaga tope.

Neno "jamii" nalo ni pana mno. Jamii ipi? Kama ni chama cha jamii cha misitu, taja mkataba wake na Huduma ya Misitu Kenya, na tarehe ulipotiwa saini. Taja pia uamuzi mmoja ambao wanakijiji waliufanya wenyewe, hasa ule uliobadilisha mpango wako, kwa mfano kuiacha wazi njia ya madau ambayo wewe ulikuwa umeichora kuwa shamba la miche. Muhtasari wa kikao upo, mfadhili anaweza kuuomba.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanajitwalia matokeo ya watu wengi. Mradi wa Mikoko Pamoja kule Kwale ulioanza 2013, unahifadhi hekta 117 na umekuwa ukiuza hewa ya ukaa chini ya Plan Vivo, viwango vya kimataifa vya kuthibitisha miradi ya aina hiyo. Hekta hizo ni jasho la watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Hata kama ulifanya kazi pale miaka mitatu, usiandike kwamba umehifadhi hekta 117. Andika kwamba ulifundisha watu wanane kupima kipenyo cha shina, na kwamba vipimo vyao vimo kwenye ripoti ya mwaka fulani. Weka na simu ya mwenyekiti wa kikundi, ukishamwomba ruhusa.