Ubeti wa Babu Hauna Jibu Moja

Wiki iliyopita mpwa wangu, aliye kidato cha nne, alinionyesha karatasi yake ya Fasihi. Swali lilitaka ujumbe wa ubeti mmoja wa Muyaka bin Haji. Kijana akaandika kuwa mtu akinyamaza huenda anaumia, na waliomzunguka wamtazame kwa makini. Akapigwa mkasi wa wino mwekundu. Pembeni mwalimu kaandika: "Adui asidharauliwe." Sifuri kwa nne.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Ubeti huo nimelelewa nao.

Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele,
Kimya chataka kumbuu, viunoni mtatile,
Kimya msikidharau, nami sikidharawile,
Kimya kina mambo mbele, tahadharini na kimya.

Babu yangu alikuwa mvuvi Mombasa, na huu ndio ubeti pekee niliowahi kumsikia akiughani. Nikiwa na miaka sita au saba, aliughani pale nyumba inapotulia ghafla. Yuko barazani anashona jarife, sisi watoto tuko ndani hatusikiki. Basi tunasikia sauti yake ikija ukumbini taratibu, "Kimya kina mambo mbele," na kabla hajamaliza kituo, yaani mstari huo wa mwisho, tumeshaurudisha mtungi wa sukari mahali pake. Kwangu mimi wakati huo, shairi lilikuwa juu ya sukari.

Nilipoanza kwenda naye baharini likageuka. Alinifundisha kuogopa maleleji, majira yale upepo unapobadilika kati ya kaskazi na kusi, tanga linaning'inia na maji yamelala kama mafuta kwenye sahani. Wenzangu wangefurahi. Yeye alikuwa anakaza kamba moja moja, kisha anaukaza mshipi wa kiunoni, akisema "viunoni mtatile." Nikamuuliza kumbuu ni nini. Akanishika mkono, akauweka juu ya ule mshipi. "Ndiyo hii. Mtu anajifunga kabla ya kazi, hangoji kazi imkute."

Maana ya mwalimu nayo Babu aliijua. Nilipokuwa sekondari alinieleza kwamba Muyaka aliishi Mombasa iliyotawaliwa na Wamazrui, wakati Sayyid Said, mtawala wa Oman, akiutaka mji, na kwamba watu wa Mvita hawakutakiwa kulala kwa kuwa tu majahazi hayaonekani. Mwaka 1837 mji ukachukuliwa kweli. Kwa hiyo nakubali, adui yumo ndani ya shairi, na mwalimu mwenye karatasi hamsini mezani anahitaji jibu la kusahihishia. Lakini kuwa na jibu hakumpi haki ya kulifuta la mwingine. Neno "adui" halimo katika ubeti huu hata mara moja. Lililomo ni kimya.

Kisha Bibi akaugua. Miezi mingi alilalamika mgongo, usiku anaita, Babu anaamka kumkanda kwa mafuta ya nazi. Halafu akaacha kulalamika. Siku nne hakuita. Babu akatuambia Bibi amepata nafuu, akarudi baharini kwa furaha, mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Siku ya tano alfajiri Bibi alifariki.

Baada ya arubaini niliusikia tena ule ubeti. Tulikuwa barazani, magharibi imeshaswaliwa. Alianza vizuri. Akafika kwenye kumbuu, akavuta pumzi, akaingia moja kwa moja kwenye kituo. Nikadhani umri. Mara ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mistari miwili, kisha kituo. Anayeghani huwa anasikia pengo la namna hiyo sikioni mwake, maana kina kimoja kimekosa mwenzake, na Babu alikuwa mtu wa kukusimamisha ukikosea hata silabi.

Mstari aliouruka ndio pekee ambamo mshairi anajitaja mwenyewe. *Nami sikidharawile.* Wala mimi sikukidharau. Babu hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ndani ya shairi la mtu mwingine.

Aliishi miaka sita zaidi, na sikumsikia akiusema tena.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote juzi, karatasi yake ikiwa mezani kati yetu. Kisha nikamghania, kwa sauti ya Babu kadiri nilivyoweza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole.

"Mjomba," akasema, "umeruka mstari mmoja."