Mwanafunzi wa nesi akiona sista haoshi mikono, aseme au anyamaze?

"Niko mwaka wa pili uuguzi, niko fildi wodi ya watoto. Sista anayenisimamia anapita kitanda hadi kitanda kutoa dawa za mshipa na glavu zilezile, hasafishi mikono. Ndo anayenisainia logbuku. Niseme au ninyamaze?"

Anayenyamaza asiitwe mwoga haraka hivo. Saini ya sista ndo inaamua kama procija zake zinahesabika, na akishachukiwa wodi nzima itajua kabla ya jioni. Halafu anaweza kuwa hajaona vizuri, labda sista alijipaka sanitaiza alipogeukia toroli. Na kuna wodi koki inakauka tangu asubuhi, sasa unamwambia mtu aoshe na nini? Hizi hoja zina uzito kweli.

Ila tuangalie kinachotokea pale kitandani. Sista anaona yuko salama kwa sababu kavaa glavu, na kweli yeye zinamkinga kiasi, anayebaki wazi ni mtoto. Chukua kitanda cha tatu, mtoto anaharisha, sista anashika shuka, anashika reli ya kitanda, anampa dawa, anahamia cha nne ambapo kuna mtoto wa nimonia anayesubiri seftriaksoni, anafungua kifuniko cha kanyula, kale kamrija kalikochomekwa mshipani, na vidole vilevile na kusukuma dawa. Bakteria kama Klebsiela, ambaye makazi yake ni utumbo na ni kati ya visababishi vikubwa vya maambukizi ya damu kwa vichanga waliolazwa hospitali za Afrika, kapewa njia ya moja kwa moja kwenye mshipa. Siku mbili tatu mbele homa inarudi, pengine kanyula inavimba na kuwa nyekundu, watu wanasema nimonia imegoma dawa, wanabadilisha antibayotiki, na hakuna anayekumbuka ile glavu.

Na cha kushangaza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kutoa dawa kupitia kanyula ambayo haivuji damu hakuhitaji glavu kabisa. Kinachohitajika ni mikono safi kabla ya kumgusa mgonjwa na kabla ya kugusa kanyula, yaani sanitaiza ya spiriti sekunde 20 hadi 30, au sabuni na maji sekunde 40 hadi 60 kama mikono inaonekana chafu. Kwa hiyo hata ile wodi ya koki kavu, chupa moja juu ya toroli inatosha kwa raundi hii kama mikono haionekani chafu, na glavu zinabaki kwa kazi za damu na majimaji mengine ya mwili.

Sasa kuna namba moja ambayo mi kila nikiifikiria inanibadilishia swali lote. Hospitali ya chuo kikuu Jeniva, Uswisi, walifanya kampeni kubwa, sanitaiza karibu na kila kitanda, mabango, uongozi mzima nyuma yake. Mwaka 1994 watu walisafisha mikono asilimia 48 ya nafasi walizotakiwa, na 1997 wakafika 66. Maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9, ni mafanikio makubwa. Lakini ona hiyo 66 vizuri, hospitali tajiri, vifaa vipo, na bado nafasi moja kati ya tatu inapita. Basi sista wetu anayeruka kusafisha mikono sio mtu mbaya wala mzembe wa ajabu, ni binadamu mwenye watoto wengi na muda mdogo, na kumkumbusha hakuwezi kuwa tusi wakati kila mtu kwenye hii kazi anahitaji kukumbushwa. Tatizo letu tumefanya kusema kuwe sawa na kushtaki.

Kunyamaza nako hakumwachi mwanafunzi alivyokuwa. Utafiti wa Marekani uliotoka 2003 ulionyesha wahudumu wakiwa chumba kimoja na mkubwa ambaye hakusafisha mikono, na wao walipunguza sana kusafisha. Mwakani huyu mwanafunzi atakuwa anaruka mwenyewe bila kujua.

Kwa hiyo mi nasema aseme, na aseme kabla mkono haujafika kwenye kanyula, maana baada ya hapo kinachobaki ni lawama tu. Ashike yeye chupa wakati wa raundi, ajipake kwanza, halafu anyooshe: "Sista, shika sanitaiza kabla hatujaenda kwa huyu, nikushikie glavu mpya au tutoe bila?" Mama wa mtoto hasikii ugomvi wowote, na kama sista alikuwa ameshajipaka hakuna kilichoharibika. Akifokewa asibishane pale pale, amfuate mwalimu wake wa kliniko na aeleze kitendo bila kutaja jina: raundi ya dawa inafanyika na glavu moja na toroli haina sanitaiza, tunaomba iwekwe.