Mstari wa Mbele Umejaa

Kuna wateja Mungu huwaleta makusudi wakuaibishe. Huyu wa leo kaulizia sabuni ya kufulia, vipande vitano. Nikamjibu kwa sauti ya mfanyabiashara mkubwa: "Sabuni? Ipo mama, mpaka uichoke!" Nikageukia rafu, nikavuta cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nyuma yake, hewa. Mstari wa mbele umenyooka kama gwaride, huko nyuma popo wanaweza kupanga chumba. "Ndiyo hii ya kuichoka?" akaniuliza. Akachukua vitatu, hivyo viwili akaenda kuvimalizia kwa mpinzani wangu, na huko najua kaangalia na mengine.

Sasa nyie wenye maduka mnanielewa, sina haja ya kueleza maumivu. Ila huo mstari wa mbele ndio ulionifungua macho. Mwizi wa kupita huchomoa kilicho karibu na mkono akatimua mbio. Huyu wangu anachukua kwa nyuma, kisha anasogeza vilivyobaki mbele na kuvinyoosha. Ni mtu mwenye nafasi, anayelijua duka, na zaidi ya yote anayejali nisipate presha.

Kabla ya hapo nilishamshuku kila kiumbe. Panya nimemsamehe: panya hutoboa na kumwaga, hajawahi kubeba kiberiti kizima. Msambazaji naye katoni zake nikaanza kuzifungua na kuzihesabu mbele yake kabla ya kusaini, akanuna, lakini zilikuwa kamili. Kijana anayenisaidia nilimkodolea macho mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nikakaa na daftari. Nikachagua sukari peke yake, maana ukianza na duka zima utalia kabla hujafika kwenye chumvi. Mwezi ulianza na paketi 24. Nikaongeza 48, jumla 72. Zilizouzwa, pamoja na za mkopo, 51. Kwa hiyo rafuni nitegemee 21. Nikahesabu: 12. Nikahesabu tena kwa kugusa kila moja na kidole: 12. Paketi 9 zimeondoka bila kuaga.

Mtu atasema paketi tisa ni nini. Sikiliza. Kwenye sukari faida yangu ni kama sehemu moja ya kumi ya bei ya kununulia. Paketi moja ikipotea, lazima niuze kumi nyingine ndipo faida yake irudishe tu fedha niliyoinunulia ile moja. Tisa zinataka niuze 90. Nami nimeuza 51! Yaani mwezi mzima nimesimama, nimetabasamu, nimefunga mizigo ya watu, na sukari imenila mimi.

Na kisanduku cha fedha hakinisaidii chochote, kwa sababu kinalingana na mauzo niliyoandika. Kitalingana daima! Kitu kikitoka bila kuandikwa na bila kulipiwa, fedha zitajuaje kwamba kimetoka?

Basi nikatega kwa hesabu. Jioni nikifunga, nahesabu vitu vichache vinavyopenda kutoweka, naandika kwenye karatasi, karatasi naiweka mfukoni. Asubuhi nahesabu tena kabla mteja wa kwanza hajakohoa. Kinachopungua mchana kinaweza kuwa na watuhumiwa wengi. Kinachopungua kati ya kufunga na kufungua hakina mteja, hakina msambazaji, hakina kijana wa kusaidia. Kina mlango mmoja tu, ule unaotokea nyumbani.

Karatasi ilisema sukari 12, rafu ikasema 11. Sabuni nayo pungufu. Pipi na betri, vitu ambavyo mwizi angevibusu, vyote vipo. Mwizi gani huyu anafua na kukoroga chai?

Nikaamua kulala dukani, juu ya magunia, kwa heshima zote za mkurugenzi. Alfajiri mlango ukalia taratibu. Akaingia bila tochi, hana haja nayo, njia kaizoea. Mkono ukaenda moja kwa moja nyuma ya mstari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. Akasogeza paketi mbele, akainyoosha. "Mbona umelala kwenye magunia, kitanda kimefanyaje?"

"Nalinda mali, Mama. Inaibiwa."

"Masikini! Na nani?"

Nikatazama paketi iliyo kwapani mwake. Naye akaitazama, kama anaionea huruma.

"Mama, hiyo sukari umeilipia?"

"Niilipie nani?"

"Duka."

"Chai ya asubuhi anakunywa nani?"

"Mimi. Na ninyi."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mwenye duka."

"Haya, mwenye duka kachukua sukari yake. Ulitaka polisi?" Akaondoka, na pale mlangoni akageuka: "Viberiti vimekaribia kuisha, agiza."

Kinachoniuma ni kwamba kihasibu Mama yuko sahihi! Mali inayotumika nyumbani si wizi, wala si gharama ya kuendesha duka kama kodi ya pango. Ni mwenye duka anatwaa sehemu ya mtaji wake mwenyewe, na inaandikwa kwa bei ya kununulia, kwa kuwa haijauzwa na hakuna faida ya kuhesabu. Kuchukua hakuna aliyekataza. Ila iandikwe! Isipoandikwa, mimi huku naona upungufu, namnunia kijana wa watu asiye na kosa, na duka linaonekana halilipi wakati linatulisha wote.

Nikatundika daftari pale mlangoni, na kalamu kwa kamba. Tarehe, kitu, idadi, aliyechukua. Bei nitajaza mwenyewe. Mwisho wa mwezi jumla inakatwa kwenye kile ninachojichukulia mimi. Nikaitisha kikao, nikalieleza hilo kwa utulivu.

"Kwa hiyo unatukata?" Shangazi akauliza.

"Najikata mwenyewe, Shangazi. Kwenye mshahara wangu."

"Kumbe una mshahara?" Mama akadakia. "Na hujatuambia!"

"Sina!" Hapo heshima ya ukurugenzi ikaniponyoka. "Sina mshahara! Ninyi ndio mnaukoroga kila asubuhi! Muuzaji wa jumla hapokei 'mwanangu', anataka fedha taslimu!"

Kimya. Mdogo wangu akauliza kama biskuti nazo zinaandikwa.

Daftari limeanza kujaa, siwezi kulalamika sana. Mama anaandika: "Sukari kidogo." Kidogo ndiyo ngapi? Shangazi kaandika "sabuni, nitarudisha", na mpaka sasa sijaelewa atairudisha vipi sabuni aliyofulia. Baba hajaandika kitu, ila wembe unapungua na ndevu zake hazionekani. Mdogo wangu pekee ndiye mwaminifu, anaandika mpaka saa, kasoro kalamu kaikata kamba akaenda nayo shuleni. Nimelazimika kutoa nyingine rafuni na kuiandika: kalamu 1, matumizi ya duka, maana hiyo kweli ni gharama ya duka, msije mkanichanganyia.

Ngoja, kuna mtu anagonga kaunta na noti kubwa kuliko zote duniani, anataka kiberiti kimoja. Chenji, kaka? Asubuhi hii yote, chenji niitoe wapi?