Cheti cha mgonjwa wa sonona kali: mwajiri aambiwe nini?

"Daktari kaandika 'hawezi kazi' siku 28, basi. Nitamlipaje mtu nisiyejua anaumwa nini?"

Kwa ofisa utumishi swali hili si ukorofi. Anapaswa kutafuta mtu wa kushika nafasi, kulinda mishahara na kujua kama ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi, yenyewe ni halali. Lakini katika yote hayo, jina la ugonjwa halimsaidii.

Tuanze na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Asiyeleta cheti cha daktari anaweza kukosa malipo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, kwa hiyo vyeti viwili vya siku 28 si ajabu. Hizo ni 56 zikihesabiwa mfululizo, na kama hakuwa ametumia nyingine, siku saba tu zinabaki kabla mshahara haujakatwa nusu. Mhasibu hufanya hesabu hiyo kwa tarehe tu, iwe ni sonona au mguu uliovunjika.

Maneno ya cheti yanaweza kuwa haya: "Nimemchunguza tarehe 3 Machi. Kwa sababu za kiafya hawezi kufanya kazi yake kuanzia 3 hadi 30 Machi. Asipangiwe zamu wala kupigiwa simu za kikazi. Atachunguzwa tena 27 Machi." Halafu jina la daktari, namba ya usajili, simu ya kituo kwa uthibitisho wa cheti tu, sahihi na mhuri. Uchunguzi umewekwa kabla siku hazijaisha ili ofisi ijue mapema kama anarudi.

Siri huvuja pembeni ya maneno. Daktari anaficha jina la ugonjwa, kisha anapiga mhuri wa kliniki ya afya ya akili, au anaandika F32.2, namba ya kitabibu ya sonona kali, ambayo yeyote mwenye simu ataitafuta. Tumia karatasi yenye jina la hospitali tu, na usiambatishe cheti cha dawa. Kuandika "malaria" kwa huruma ni kosa kubwa zaidi: malaria ya wiki nane itazua maswali, na cheti cha uongo kinamponza mgonjwa na daktari pia.

Mwajiri ana hoja nzito mahali pamoja: kazi za hatari. Dereva anayerudi huku dawa zikimtia usingizi lazima ofisi ijue, ila inachohitaji ni sharti: "asiendeshe gari hadi 30 Aprili." Na likizo ikirefuka hadi kuhojiwa uwezo wake wa kuendelea na ajira, mwajiri anaweza kuomba maelezo zaidi. Hapo mgonjwa aandike ridhaa inayotaja kitakachosemwa na nani atakisoma, na barua imfikie huyo tu, si faili linalopitia masijala.