Mguu wa baba mdogo na hesabu ya DALY

Baba mdogo wangu anakaa Bagamoyo, ana miaka 52, na mguu wake wa kushoto una matende tangu akiwa na 31. Kila jioni anauosha kwa maji na sabuni halafu anakausha katikati ya vidole kwa kipande cha kanga, taratibu sana, maana pakibaki unyevu ngozi inapasuka, vijidudu vinaingia na homa inampiga na mitoki inavimba kinenani. Baharini haendi tena. Anakaa kibarazani anashona nyavu za wenzake.

Sasa ukihesabu magonjwa kwa vifo tu, baba mdogo hayupo, matende hayamuui mtu, safu yake ni sifuri. Ndo maana mimi natetea hii DALY, yaani hesabu ya miaka ya uhai wenye afya ambayo ugonjwa unaila, ingawa nina ugomvi nayo. Hesabu yenyewe ni hii:

```
DALY = YLL + YLD
YLL = vifo × miaka iliyobaki
YLD = wagonjwa × uzito wa ulemavu
```

YLL ni miaka ya uhai iliyopotea kwa kufa mapema. Mtoto akifa na malaria akiwa na miaka 5 unaangalia jedwali moja linalotumika dunia nzima, kwenye jedwali la mwaka 2010 anadaiwa kama miaka 81 mingine. Mzee akifa na 65 bado anadaiwa kama 23. Wanaopiga hesabu hii hawasemi "huyu wa Tanga asingefika huko hata hivyo", kila mtu anapimwa kwa kipimo kilekile, na hapo nawaunga mkono kabisa.

YLD ndo miaka ya kuishi na ugonjwa, unaipunguza kwa uzito, 0 ni mzima kabisa na 1 ni sawa na kufa. Matende yamepewa kama 0.109. Kwa hiyo baba mdogo, miaka 21 mara 0.109 unapata 2.3 hivi, yaani hesabu inasema mguu umemla miaka miwili na miezi mitatu ya uhai. Na mtu aliyeugua miaka 30 anafika 3.3 tu, ina maana unahitaji watu kama 25 wa hivyo, miaka 30 kila mmoja, ndo walingane na yule mtoto mmoja.

Si kwamba namuonea wivu mtoto, hapana, kifo ni kifo. Ninachouliza ni hiyo 0.109 imetoka wapi. Imetoka kwa watu wa kawaida, na Tanzania ni moja ya nchi nne walikopita nyumba kwa nyumba kwa utafiti uliotoka 2012. Unasomewa watu wawili wa kufikirika, kila mmoja kwa sentensi chache, unaulizwa nani mwenye afya zaidi, na majibu ya maelfu ya watu yanageuzwa kuwa namba. Wa matende anaelezwa kama mtu aliyevimba miguu, ngozi ngumu na nene, anapata shida kutembea. Basi. Harufu haimo, homa za kila mara hazimo, wala yule binti aliyekataa posa kwa sababu ya mguu. Wenyewe wanasema wanapima upungufu wa afya, sio maisha yote yanavyoharibika, na hilo ni sawa kama msomaji wa namba analijua. Ila anayegawa bajeti akiona namba ndogo anaona ugonjwa mdogo.

Halafu kuna hiyo "wagonjwa", na hapa ndo mimi naona tunapoteza zaidi kuliko kwenye uzito. Kijiji chenye watu 200 wenye matende kinatoa 21.8 kwa mwaka. Ukiwapata 120 tu inashuka mpaka 13, na kwenye karatasi hakuna kinachokuonyesha kuwa 80 wamekosekana. Na kukosekana ni rahisi mno huku pwani. Vimelea vya matende vinakuja kwenye damu ya juu usiku, ndo maana wapimaji wanaovitafuta kwa hadubini wanatoboa vidole kuanzia saa nne usiku kwenda mbele, ukimpima mtu saa nne asubuhi unaweza ukamkuta msafi kumbe anavyo. Wenye mabusha, yanayoletwa na vimelea hivyohivyo, ndo kabisa, mwanaume anafunga msuli, anakaa kimya, zahanati haendi, na rejista ya zahanati haina jina lake.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti, uzito ningeuacha kwanza nikaenda kuhesabu vizuri, usiku, na wanaume waulizwe na wanaume wenzao faragha. Na kila ripoti yenye DALY za matende iandike pembeni idadi ya watu walio nyuma yake.

Nilimuonyesha baba mdogo ile 2.3 yake. Akanyamaza kidogo, akavuta uzi wa wavu. "Mwanangu, hiyo ni miaka miwili gani? Mimi bahari nimeiacha miaka kumi na nane."