Mtazamaji anajua kuwa unasoma

Video yangu ya kwanza ya kuhifadhi mahindi niliisoma mwanzo mwisho kwenye programu ya teleprompta ya simu, ile inayokuonyesha maneno huku ukijirekodi. Sikukosea hata neno moja. Mdogo wangu aliitazama nusu dakika, akaniuliza, "Dada, mbona unaongea kama taarifa ya habari?"

Nilidhani shida ni macho, na kweli macho yalikuwa na sehemu yake. Teleprompta ya studio ina kioo kilichoinamishwa mbele ya lenzi, kwa hiyo msomaji anatazama maneno na kamera kwa pamoja. Kwenye simu maneno yako chini ya lenzi, au pembeni ukiilaza. Nilikuwa nimeishika simu karibu, sentimita 40 hivi, na mboni zilionekana zikitembea kushoto kulia. Dawa yake ni rahisi. Niliiweka simu kwenye stendi, nikarudi nyuma mita moja na nusu, nikapandisha maandishi juu hadi yakaikaribia kabisa lenzi na kubana safu iwe nyembamba, maneno matatu au manne kwa mstari. Kwa umbali huo pembe kati ya jicho na lenzi inapungua karibu mara nne. Herufi lazima ziwe kubwa zaidi, na utahitaji maiki ya kubana kwenye nguo, maana maiki ya simu ikiwa mbali inaokota mwangwi wa chumba.

Nikarekodi tena. Macho yalitulia, lakini sauti ilibaki ileile ya taarifa ya habari. Hapo ndipo nilipoamini jambo ninalolishikilia mpaka leo: kinachotufanya tukakamae ni Kiswahili tunachoandika. Tukishika kalamu tunaandika Kiswahili cha ofisini, halafu tunataka mdomo ukiseme kama cha jikoni. Skripti yangu ilisema hivi:

"Unyevu wa mahindi unapaswa kuwa umepungua hadi kufikia kiwango kisichozidi asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa."

Hakuna mtu anayemwambia jirani yake maneno hayo. Nikaizima kamera, nikamweleza mdogo wangu habari ya unyevu huku simu ikirekodi sauti tu, kisha nikaandika nilivyosema:

"Kabla hujafunga mfuko, pima kwanza. Chukua chupa kavu. Tia mahindi, tia na chumvi kavu. Tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani."

Maneno ni yangu na mpangilio ni wa mdomo wangu, kwa hiyo hata nikiyasoma hayasikiki kama yamesomwa. Siku hizi kila skripti naipitisha kwenye njia hiyo: nasema kwanza, naandika baadaye.

Jambo la pili ni pale mstari unapokatika. Maneno yetu ni marefu, na programu inakata mstari popote nafasi inapoisha. "Mahindi" yanabaki juu, "yaliyokauka" inashuka chini, na sauti inafuata jicho: inashuka mahali ambapo maana haijaisha. Ukisikia sauti yako inaanguka kwa vipimo vinavyolingana kila baada ya sekunde mbili tatu, jua unasoma mistari. Mimi nabonyeza kitufe cha kushuka mwenyewe mahali ninapovuta pumzi, na pale ninapotaka kunyamaza naacha mstari mtupu.

Nilijaribu pia kukariri neno kwa neno, na simshauri mtu. Aliyekariri hupandisha macho juu kulitafuta neno linalofuata, na likipotea moja, yote yanapotea. Bora kukariri vituo. Kipimo cha chumvi kina vinne tu: chupa, chumvi, kutikisa, juani. Kila kituo kina kitu cha kushika mkononi, na mkono ukigusa chupa, sentensi inakuja yenyewe. Narekodi kituo kimoja kimoja. Kati ya kimoja na kingine naisogeza kamera kidogo, ili nikiunganisha vipande, mkato usionekane kama picha imeruka.

Teleprompta sijaitupa. Nayo nasoma sentensi ya kwanza, ambayo huwa inanitia wasiwasi, pamoja na zile ambazo nikikosea nitamharibia mtu chakula chake. Mfuko ninaohifadhia una tabaka tatu, mbili za ndani za plastiki na moja ya nje iliyofumwa, na kila ya ndani inafungwa peke yake. Hapo sitaki kubahatisha. Tarakimu naziandika kwa maneno, "asilimia kumi na tatu", kwa sababu jicho likikuta 13 linasita kidogo, na kusita huko kunaonekana kwenye video.

Mdogo wangu alipoiona ile ya mwisho hakusema chochote kuhusu sauti. Aliinuka akaenda kutafuta chupa.